Nyama Haijakubali

Niliijua ile nyama kabla sijaigusa. Ilikuwa imewekwa kwenye sahani ya plastiki mezani pangu, pamoja na kikaratasi chenye nambari yangu ya mtihani. Nyekundu iliyokolea, karibu na hudhurungi, na ndani yake mistari myeupe inayong'aa kama uzi wa nailoni. Muundi. Ile sehemu ya mguu wa ng'ombe iliyo chini ya goti, ambayo hufanya kazi kila siku ya maisha ya mnyama, kumsimamisha na kumtembeza. Mama yangu ana hoteli ndogo hapa Nakuru, meza nne na benchi, na amekuwa akipika muundi tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nisingeweza kuukosea.

Mpango wangu wa kazi, niliouandika siku mbili kabla ya hapo, ulisema kitu kingine. Steki ya ng'ombe, gramu 250. Mishikaki, kuchoma kwenye grili, dakika 15.

Kwa wale ambao hawakusoma Sayansi Kimu, wacha nieleze kidogo. Kwenye KCSE somo hili lina karatasi tatu: nadharia, ushonaji na upishi. Ile ya upishi ina vikao viwili. Kwanza kuna nusu saa ya kupanga, ambapo unapewa swali na unaruhusiwa kufungua vitabu. Unaandika resipe, unaandika mpangilio wa kazi, unaandika orodha ya vyakula na vifaa utakavyohitaji, yote kwa nakala mbili kwa kutumia karatasi ya kaboni. Halafu kuna kikao cha kupika chenyewe, saa moja na robo, na hapo unatarajiwa kuufuata ule mpangilio wako. Hauruhusiwi kuingia na karatasi nyingine. Kwa hivyo mwenyewe wa siku mbili zilizopita ndiye anayekupa amri.

Sikuona mtu wa kulaumu, na hata leo simuoni. Mwalimu alijumlisha orodha zetu, mtu akatumwa bucha na jumla ya kilo, akaitisha steki. Tatizo ni kwamba kwenye bucha nyingi za Kenya neno steki halitaji sehemu yoyote ya ng'ombe. Linamaanisha nyama isiyo na mfupa, basi. Ukitoa mfupa kwenye muundi, umebaki na steki, na bei ya steki. Aliyeuza hakudanganya na aliyenunua hakudanganywa. Mimi ndiye nilikuwa nimeandika neno la bucha huku nikifikiria picha ya kitabuni.

Ile picha unaijua kama ulisoma somo hili. Ng'ombe amesimama upande, amegawanywa kwa mistari kama ramani ya kaunti: shingo, bega, kidari, mbavu, mgongo, sarara, paja, muundi. Chini yake kuna jedwali. Sehemu laini zinapikwa kwa joto kavu, yaani kuchoma, kuoka, kukaanga. Sehemu ngumu zinapikwa kwa joto la unyevu, yaani kuchemsha, kutokosa kwa moto mdogo, kupika kwa mvuke. Tuliikariri ile jedwali kama namba za kuzidisha. Ukiulizwa kwenye karatasi ya nadharia kwa nini muundi haufai kuchomwa, unaandika kwamba una kolajeni nyingi, na kolajeni inahitaji maji na muda ili igeuke jelatini. Alama mbili zako hizo.

Na ni kweli, sio mchezo. Nyama ni nyuzi zilizofungwa matita matita, na kamba inayofunga matita hayo ni kolajeni. Msuli unaofanya kazi nyingi una kamba nyingi na nene. Msuli unaokaa tu, kama sarara iliyo chini ya uti wa mgongo, una kamba chache. Ukiweka nyama kwenye moto, nyuzi zenyewe huiva haraka. Zikifika digrii 60 hivi tayari zimekaza, na kadiri joto linavyopanda zinazidi kukamua maji yao nje. Kamba nazo zina tabia tofauti. Karibu na hizo digrii 60 zinaanza kujikunja na kufupika, zinaibana nyama kama mkanda. Ni baadaye, kuanzia digrii 70 kwenda juu, na polepole sana, ndipo zinaanza kulegea na kuyeyuka kuwa jelatini, ile kitu inayofanya supu ikipoa igande na midomo yako igandane ukiinywa.

Kwa hivyo kwenye nyama ngumu kuna mambo mawili yanayokwenda kwa mwendo tofauti. Kukaza kunachukua dakika. Kulegea kunachukua saa nyingi. Jedwali la kitabuni halisemi hivyo. Linasema tu muundi, unyevu, mshale katikati. Muda haumo.

Siku ile mbele ya sahani nilikuwa na kama dakika tatu za kuamua, na niliamua vibaya. Nilijiambia, fuata mpango, utakatwa alama ukienda kando. Nikakata vipande vya mraba vya sentimita mbili na nusu, nikatunga kwenye vijiti na vitunguu na hoho, nikapaka mafuta, nikaweka chini ya grili. Baada ya dakika kumi na tano vilikuwa na rangi nzuri kweli. Vilinukia. Mtahini alipofika mezani pangu alichoma uma kwenye kipande kimoja, uma ukainua kijiti chote. Akakata kipande kidogo kwa kisu, na niliona kisu kinasugua badala ya kukata. Akatafuna. Akaendelea kutafuna huku akiandika. Akahamia meza nyingine, na alipofika huko, manze, nadhani alikuwa bado anatafuna.

Msichana wa meza ya pili alikuwa amepewa nyama ileile. Yeye hakuwa na mama mwenye hoteli, lakini alifanya kitu ambacho sikufanya. Alikuwa amepanga stuu. Alichukua visu viwili, akaikatakata ile nyama mpaka ikawa kima, akapika stuu yake ya kima. Jina la chakula halikubadilika kwenye mpango, ni umbo la nyama tu lililobadilika. Alipoulizwa akasema nyama ilikuwa na kano.

Kima inafanya kazi kwa sababu kisu kimefanya kile ambacho moto ungekifanya kwa saa tatu. Kamba ndefu inakubana, kamba iliyokatwa vipande vya milimita mbili haina cha kubana. Ndio maana kima ya muundi unaweza kuikaanga kavu ikaiva kwa dakika kumi na mtu asijue ilitoka wapi. Kitabu chetu kilikuwa na kima, lakini chini ya sura ya nyama zilizobaki. Hakuna aliyetuambia kwamba ni mlango wa nyuma wa lile jedwali.

Mama nilimwambia jioni. Aliuliza swali moja tu. "Kwani hukuona?"

"Niliona."

"Na ukachoma."

Nikanyamaza. Alikuwa anaosha sufuria ile kubwa ya nyama, anayoitia motoni kila siku saa kumi na moja alfajiri. Wateja wa chakula cha mchana wanakuja saa sita na nusu. Hapo katikati yeye hapimi saa, anachukua kipande na kukibonyeza kwa kidole na mwiko. Akisema "bado haijakubali," moto unabaki pale pale. Akisema "imekubali," anatia nyanya na vitunguu vilivyokaangwa pembeni. Sijawahi kumsikia akisema nyama imeiva au haijaiva, ati kuiva ni kwa mboga.

Nilipata alama ya kuingia chuo. Nikaingia, nikasoma mwaka mmoja na nusu, nikatoka. Sababu ni karo na mambo mengine ambayo sitaki kuyapika hapa. Siku hizi naandika kwa malipo chochote kinachoandikwa: maelezo ya bidhaa, insha za tovuti, na vijitabu vya marudio vya wanafunzi wa sekondari, ambapo nalipwa kwa kila swali na jibu lake. Mwezi wa pili mwaka huu nikapewa Sayansi Kimu. Maswali arobaini. Swali la kumi na tisa nikajikuta nimeandika, "Taja sababu mbili kwa nini muundi unafaa kutokoswa kuliko kuchomwa," na kwenye jibu nikaandika kolajeni, jelatini, alama mbili. Nikaliangalia. Ni jibu sahihi, na ndilo lililoniangusha.

Wakati huohuo dadangu mdogo yuko Kidato cha Nne, na amechagua somo hilohilo. Alikuja nyumbani likizo ya Aprili na karatasi ya majaribio ambayo mwalimu wao aliitunga: chakula cha mchana cha watu wawili, kozi moja na kinywaji, na kwenye orodha ya vyakula kulikuwa na nyama ya ng'ombe, mchele, nyanya, karoti, vitunguu na machungwa. Alikuwa tayari ameandika mpango. Stuu ya nyama.

"Nyama gani?" nikamuuliza.

"Ngumu. Joto la unyevu."

"Una saa ngapi?"

"Moja na robo."

Nikampeleka bucha.

Kuna kitu kuhusu nyama yetu ambacho lazima mwanafunzi akione kwa macho, kwa sababu vitabu vimeandikwa kana kwamba kila ng'ombe ni mmoja. Lile jedwali la sehemu limerithiwa kutoka kwa mapishi ya Waingereza, ambako ng'ombe hufugwa kwa nyama, anachinjwa mdogo, na nyama yake inaning'inizwa kwenye baridi siku kadhaa kabla ya kuuzwa. Kwetu mara nyingi ni zebu aliyetembea sana kutafuta malisho, pengine ameshavuta mkokoteni, amechinjwa usiku na anauzwa asubuhi. Misuli ya ng'ombe hukakamaa saa chache baada ya kufa na huchukua siku kadhaa kulegea tena. Ukinunua siku ileile, hata paja ambalo kitabu kinasema ni la wastani linakupa kazi. Kwa hivyo mimi hushusha kila sehemu daraja moja. Laini ya kitabu naihesabu wastani, wastani naihesabu ngumu, na ngumu naiachia Mama.

Pale bucha nilimwambia dadangu asiitishe kwa jina. Aangalie. Nyuzi zikiwa nyembamba na karibu karibu, nyama ikiwa haina mistari ya nailoni, na ukiibonyeza inarudi taratibu, hiyo unaweza kuipeleka kwenye moto mkavu. Ukiona utando wa fedha au mistari inayong'aa ikipita katikati ya kipande, hiyo ni kamba, na hakuna kiungo kitakachoificha. Tukachukua robo kilo ya muundi na robo kilo kutoka paja la ndani, juu kabisa. Kijana wa bucha akatuuliza kama tunapika harusi mbili.

Nyumbani tulifanya jaribio ambalo lilipaswa kuwa kwenye kila kitabu cha somo hili. Tulikata nyama zote mbili vipande sawa, tukafunga vya paja kwa uzi ili tuvijue, tukatia zote kwenye sufuria moja yenye maji ya moto na chumvi kidogo, tukafunika, tukaacha itokote polepole bila kuruka. Ilikuwa saa kumi kamili jioni. Dadangu alikuwa na simu ya kuhesabu dakika na nyuma ya karatasi ya kaboni iliyokwisha kutumika, ambapo aliandika.

Dakika ya 15. Vyote vimebadilika rangi. Paja linatafunika. Muundi ni kama mpira, lakini unaweza kumeza.

Dakika ya 45. Vipande vya muundi vimejikunja na kupungua, vimekuwa vifupi na vinene. Hapa ndipo dadangu alinikazia macho, kwa sababu muundi ulikuwa mgumu kuliko dakika ya 15. Sio kwamba haujaanza kulainika, umerudi nyuma. Nyuzi zimemaliza kukaza, kamba zimemaliza kufupika, na kule kuyeyuka hakujafika popote. Alikitafuna, akakitoa, akakitazama.

Dakika ya 75. Kengele ya mtihani. Muundi umelegea kidogo tu. Uma unaingia ukisukuma, na ukiuinua kipande kinakuja nao.

Kwa maneno mengine, saa moja na robo, ukitoa dakika za kukata vitunguu, kuosha mchele na kupanga meza, inamfikisha mtahiniwa mezani na nyama ikiwa kwenye hali yake mbaya kabisa. Jibu sahihi la karatasi ya nadharia, ukilipika kwenye karatasi ya upishi, linakuiva usoni. Na Nakuru inazidisha. Tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, na maji hapa yanachemka kwenye digrii 94 hivi, sio 100 kama Mombasa. Uongeze moto utakavyo, maji yataruka tu, hayatapanda joto. Anayeandika dakika za kutokosa huko pwani au ng'ambo hajui kwamba sisi tunadaiwa digrii sita. Sufuria ya presha hulilipa hilo deni, inapandisha joto hadi karibu digrii 120, na muundi unakubali ndani ya dakika arobaini au hamsini. Kama shule yenu inayo moja kwa kila mtahiniwa, hongereni.

Jambo la pili lilikuja baadaye jioni. Dakika ya 120, uma ulianza kuingia muundi bila ugomvi. Lakini dadangu alipovuta kipande cha paja chenye uzi, kilikuwa kimekauka. Kilikuwa ndani ya maji saa mbili nzima, na ukikitafuna ni kama pamba. Kikagawanyika nyuzi nyuzi, nyuzi kavu. Alishangaa kweli. Wengi wetu tunadhani joto la unyevu linaitia nyama unyevu. Maji ya nje hayaingii. Nyama inakamua maji yake iwe imechemshwa au imechomwa, na kinachookoa muundi ni ile jelatini inayobaki katikati ya nyuzi na kuzilainisha. Paja halina jelatini ya kutosha kulipia maji liliyopoteza. Kwa hiyo mshale wa jedwali una makali pande zote mbili: nyama laini ukiitokosa sana unaiharibu, hata ikiogelea.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe, kimya. Hapo akasema, bila kuinua kichwa, "Ndio maana steki siiweki kwa sufuria yangu. Mtu atadhani nimemuuzia kamba ya kiatu."

Ukimweleza Mkenya yeyote kwamba joto kavu ni la nyama laini peke yake, atakuuliza kuhusu choma. Dadangu aliuliza. Mbuzi mzima mzima, mguu na mbavu, juu ya makaa, bila tone la maji, na watu wanafunga safari ya kilomita hamsini kuifuata. Lakini tazama choma inavyopikwa mahali wanapoijua. Makaa yamepungua moto, nyama iko juu yake kwa umbali, haijakatwa, mfupa umo ndani, inageuzwa saa moja na zaidi huku ikinyunyiziwa maji ya chumvi. Huo ni muda, umevaa nguo za moto mkavu. Mbuzi akiwa mdogo, kamba zake hazijakomaa, hivyo saa moja inatosha. Mwishoni anayekata anaikata ndogo ndogo, kukingama nyuzi, kwenye ubao mbele yako, na kisu kinamalizia kazi. Mbuzi akiwa mzee, mwenye bucha mwenye akili humgeuza kuwa boilo na hasemi kitu.

Hata menyu zetu zinajua zaidi ya jedwali. Drai frai na weti frai, kila mtoto wa hapa anazitofautisha. Ila drai frai ya mbuzi kwenye hoteli nyingi huwa imechemshwa kwanza mpaka ikalegea, ndipo ikapigwa mafuta ya moto dakika za mwisho. Unyevu kwa kamba, ukavu kwa rangi na harufu, kwa sababu nyama haigeuki kahawia tamu mpaka uso wake upite digrii 140 hivi, na uso wenye maji hauwezi kupita joto la kuchemka. Ndio maana kukaanga kunahesabiwa joto kavu ingawa mafuta yanaonekana majimaji. Mafuta hayana maji. Wanafunzi huanguka hapo kila mwaka kwenye nadharia.

Kesho yake tulirudia, sasa kwa saa ya mtihani. Dadangu alitaka paja la ndani, kukaanga haraka, stuu ya mboga pembeni. Nilimwambia sawa. Alikata nyama kukingama nyuzi, vipande vyembamba vya nusu sentimita, akavikausha kwa kitambaa safi. Mchele ulikuwa motoni. Pani ilikuwa na moto mzuri. Halafu akatia robo kilo yote kwa mara moja. Pani ikapoa, nyama ikatoa maji, na ndani ya dakika moja ilikuwa inachemka kwenye maji yake yenyewe, ya kijivu, inatoa povu. Drai frai imekuwa weti frai bila kuomba ruhusa. Hilo mtahini haitaji hata kuonja, anaona rangi.

Mara ya pili akagawanya nyama mafungu matatu, dakika mbili kila fungu, akitoa na kuweka kando. Akatengeneza mchuzi wa nyanya na karoti kwenye pani ileile, ikikwangua ile kahawia ya chini, na akairudisha nyama dakika ya mwisho, ipate moto tu. Dakika ya 68 alikuwa amepakua, meza imepangwa, maji ya machungwa yamechujwa. Ilikuwa laini. Nilifurahi kupita kiasi, nilikaribia kupiga makofi.

Yeye hakufurahi. Alikuwa anafikiria.

"Na wakiniletea muundi?"

Nilianza kumwambia aandike kwenye orodha "paja la ndani" badala ya steki, akakatiza.

"Wewe uliandika ukaletewa ingine. Mimi nataka mpango ambao hata wakileta mguu wa ngamia napika."

Akaketi kwenye benchi ya wateja na kaboni mpya, akaandika. Mipira ya kima kwenye mchuzi wa nyanya. Dakika kumi na mbili za kukatakata kwa visu viwili kama hakuna mashine, na utando na kano kubwa kutolewa kwanza. Kitunguu kilichokatwa ndogo sana na chumvi, kukanda mpaka ishikane. Kukaanga hadi rangi, kwa mafungu. Kutokosa kwenye mchuzi dakika 15. Hapo una ukavu na unyevu kwenye sahani moja, na sehemu yoyote ya ng'ombe inaingia. Mama alisoma juu ya bega lake.

"Kima inaficha kila kitu," akasema, na hakuwa anasifu.

"Ndio nataka," dadangu akasema.

Sikuwahi kuwaza hivyo nikiwa na umri wake. Mimi niliandika mpango wa nyama niliyoitaka.

Sijamaliza kuhusu ule muundi wa jaribio. Jioni ile, baada ya dakika ya 120, tulipunguza moto tukauacha. Umeme ulikuwa umepotea, tukawasha taa ya simu. Saa moja kasoro dakika kumi usiku Mama aliinuka, akafunua sufuria, akachukua kipande na kukibonyeza kwenye mwiko. Kikaachana bila kelele. Mchuzi ulikuwa mzito, na unagandisha midomo. Dadangu akaangalia simu, akaandika nyuma ya kaboni: dakika 170.

Tulikula kwa ugali, tukavitoa vile vipande vyenye uzi tukampa paka. Mama aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Na wewe ile ya mishikaki walikupa ngapi?"

"Hawasemi. Wanatoa gredi ya somo zima tu."

"Mm," akasema, akaniongezea mchuzi.